Drive sio bakapu: ukifuta kwenye laptopu, umefuta kote

Kila nikimwambia mtu anunue hadidiski ya nje naulizwa swali lilelile, "ya nini, si mafaili yangu yote yapo Google Drive?" Ni kweli yapo. Laptopu ikiibiwa leo, ikimwagikiwa chai, ikigoma kuwaka kabisa, unashika kompyuta nyingine unaingia na Gmail yako na kazi inaendelea, kwa hilo Drive inafaa sana na mimi mwenyewe naitumia kila siku. Shida ni pale ambapo aliyeondoa faili ni wewe, au mtu aliyekaa kwenye kompyuta yako, maana hapo Drive haiwezi kujua kama umekosea. Kazi yake ni kuhakikisha laptopu, simu na mtandaoni vinafanana, kwa hiyo ukiongeza inaongeza kote, ukibadilisha inabadilisha kote, na ukifuta inafuta kote, tena kwa sekunde chache tu kama bando lipo.

Nieleze kisa kimoja kilivyokwenda. Kuna mama anashona sare za shule, ana mafundi na vyerehani vyake, na kila mwaka ana folda moja yenye vipimo vya watoto, oda za shule na nani anadaiwa nini. Kwenye laptopu ya dukani wameweka ile programu ya Drive kwa mtindo unaoitwa `Mirror files`, yani folda inakaa kwenye laptopu na nakala yake inakaa mtandaoni. Mwezi wa nane laptopu ikaanza kulalamika diski imejaa, kijana wa dukani akatafuta vitu vya zamani, akakuta folda ya mwaka uliopita, akafuta, akamwaga na Recycle Bin ili nafasi irudi. Hakuona ubaya wowote maana alijua "vitu vipo Drive." Januari inafika, shule zinafunguliwa, wazazi wamejaa dukani wanataka saizi ya mwaka jana iongezwe inchi mbili, mama anafungua folda, haipo. Anafungua simu, haipo. Anaingia kwa brauza, haipo.

Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Kitu cha kwanza nilichoangalia ni `Trash` ya kule drive.google.com, sio ya laptopu, maana hizo ni mbili tofauti. Ilikuwa tupu kwa vitu vya mwezi wa nane, na ilitakiwa iwe tupu, kwa sababu kitu kikiingia humo kinakaa siku 30 halafu kinafutwa chenyewe. Zamani haikuwa hivyo, kilikuwa kinakaa mpaka ukifute mwenyewe, wakabadilisha Oktoba 2020, na nadhani watu wengi bado wana ile picha ya zamani kichwani. Sasa pigia hesabu, kimefutwa mwezi wa nane kimetafutwa Januari, kwa biashara ya msimu siku 30 hazisaidii chochote kwa sababu faili linaguswa mara moja kwa mwaka. Tulichopata ni vipande tu, zile karatasi za oda ambazo mama alikuwa amewatumia walimu wakuu kwa imeili zilikuwa bado kwenye `Sent`. Madeni yalipotea.

Nakala ilikuwa sehemu tatu, watu wengi wangesema hiyo ni bakapu ya nguvu. Lakini zote tatu zilikuwa zimefungwa kamba moja, na simu hata haikuwa na nakala yoyote, app ya Drive kwenye simu kwa kawaida inakuonyesha tu kilichopo mtandaoni.

Na kufuta sio njia pekee ya kupoteza. Mtu anaweza kufungua faili la Excel, akafuta safu kwa bahati mbaya, akasevu akafunga, faili lipo na jina lake lilelile ila ndani limeharibika, na hilo ndo linasambazwa. Hapa kuna msaada, bonyeza faili kitufe cha kulia kule kwenye brauza utafute `Manage versions`, matoleo ya nyuma yapo, lakini nayo yanahifadhiwa siku 30 au matoleo 100 tu, labda uwe umeweka alama ya kulitunza toleo fulani daima. Kwa hiyo kama ndo kwanza umegundua leo kwamba kuna kitu kimefutwa au kimeharibika, kaangalie leo hiihii, usisubiri wikendi.

Sasa bakapu yenyewe ni nini. Kwangu ni nakala ambayo mkono uliofuta huku hauwezi kuifikia kule. Yule mama sasa ana hadidiski ya nje, kila Jumamosi anaichomeka, anakopi folda nzima ndani ya folda mpya yenye tarehe ya siku hiyo, anaichomoa na kwenda nayo nyumbani. Ile kuchomoa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, ikikaa imechomekwa muda wote basi kirusi kitakachofunga mafaili ya laptopu kitafunga na ya kwenye hadidiski.

Kuna mtego mmoja hapa ambao nimeukuta kwa wengi. Ukikopi folda ya Drive kutoka kwenye laptopu, yale mafaili yaliyotengenezwa na Google Docs au Google Sheets hayakopiki, unachokopi ni kifaili kidogo chenye mwisho wa `.gdoc` au `.gsheet` ambacho ndani yake kuna kiungo tu cha kukurudisha mtandaoni. Utaitambua kwa saizi, hesabu za mwaka mzima haziwezi kuwa KB 1. Hizo inabidi uzipakue kwa brauza, ukichagua folda ukabonyeza `Download` Google inazigeuza kuwa Word na Excel za kawaida, au utumie takeout.google.com kama unataka akaunti nzima.

Anayependa kuandika amri atumie rclone, programu ya kukopi mafaili kati ya mtandaoni na kompyuta, nayo inageuza hizo Docs yenyewe. Ukishaiunganisha na akaunti yako na kuipa jina, mfano `drive`, na kama folda yako inaitwa `SARE` na hadidiski imesoma `E:`, inakuwa hivi:

```
rclone copy drive:SARE E:\SARE --backup-dir E:\zamani\2026-01-10
```

Neno `copy` linaleta vipya na vilivyobadilika bila kugusa kitu kilichofutwa kule, na hiyo `--backup-dir` inasogeza toleo la zamani pembeni badala ya kuliandika juu. Tafadhali usiweke `sync` mahali pa `copy`, maana `sync` inaondoa kwenye `E:\SARE` kila kisichokuwepo Drive, na siku ukisahau `--backup-dir` inakifuta kabisa, utakuwa umetengeneza tatizo lilelile kwa mikono yako.

Halafu jaribu kurudisha. Chukua ile hadidiski, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine isiyo na Gmail yako, zima intaneti, fungua mafaili mawili matatu ya zamani na mawili ya wiki hii. Yakifunguka na namba zimo ndani, una bakapu. Likikataa hata moja, au likikuomba uingie kwenye akaunti, ujue hilo bado lipo mtandaoni tu, lipakue upya siku hiyohiyo.