Bao la Bara, bao la Ubelgiji: maswali yenu kuhusu takwimu za dakika 90

Mshambuliaji wa ligi yetu ana mabao 14, wa Ubelgiji ana 9. Naanzia wapi kuwalinganisha?

Anza na dakika, halafu toa penalti. Penalti hupewa mpigaji aliyechaguliwa na kocha na nyingi huingia, kwa hiyo humpandisha mtu bila kukuonyesha anavyofunga mpira ukiwa unachezwa.

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Wa kwetu ana mabao 14, mawili ya penalti, kwa dakika 1,980. Hizo ni sawa na mechi kamili 22, na mabao 12 kwa mechi 22 ni 0.55 kwa kila dakika 90. Wa Ubelgiji ana 9, moja la penalti, kwa dakika 2,700, yaani mechi kamili 30: 0.27.

Usikimbilie bado kuzidisha kwa kizidisho cha ligi, yaani namba inayogeuza kasi ya kufunga ya ligi moja kuwa ya ligi nyingine. Mechi 22 ni chache, na ndani yake kuna bahati. Mwongezee kila mchezaji mechi 10 za kubuni ambazo amefunga kama mshambuliaji wa wastani wa ligi yake mwenyewe. Tuseme wastani huo, bila penalti, ni 0.30 kwetu na 0.35 Ubelgiji. Wa kwetu anaongezewa mabao 3, wa Ubelgiji 3.5. Kwenye jedwali la kompyuta, mabao yakiwa B2, penalti C2, dakika D2 na wastani wa ligi E2:

```
=(B2-C2+10*E2)/(D2/90+10)
```

Wa kwetu anashuka hadi 0.47, wa Ubelgiji anapanda kidogo hadi 0.29. Mchezaji mwenye dakika 300 atavutwa sana kuelekea wastani, mwenye 3,000 atavutwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wanaotokea benchi waangalie kwa jicho la pili: wanaingia mabeki wakiwa wamechoka, kwa hiyo dakika zao huzaa zaidi kuliko za anayeanza.

Hicho kizidisho cha ligi kinatoka wapi? Naona watu wanaandika 0.7 tu.

Kinatoka kwa wachezaji waliohama. Hakuna chanzo kingine cha kuaminika, kwa sababu ni wao peke yao waliopimwa na ligi zote mbili. Sifa ya ligi, pesa za matangazo na nafasi ya taifa kwenye orodha ya FIFA havikuambii bao moja lina thamani gani.

Orodhesha washambuliaji waliotoka ligi A kwenda B, wenye angalau dakika 900 kila upande. Kwa kila mmoja uliza: angeendelea na kasi ya zamani, angefunga mangapi huko alikokwenda? Kisha linganisha na aliyofunga kweli. Tuseme tuna watatu. Wa kwanza alikuwa na 0.50 na amecheza mechi kamili 10 kule: tulitarajia 5, amefunga 4. Wa pili 0.40 kwa mechi 20: tulitarajia 8, amefunga 5. Wa tatu 0.30 kwa mechi 15: tulitarajia 4.5, amefunga 3. Jumla tulitarajia 17.5, yamepatikana 12. Kizidisho ni 12 gawanya kwa 17.5, yaani 0.69.

Jumlisha kwanza, ndipo ugawanye. Ukitafuta uwiano wa kila mtu halafu uchukue wastani wa uwiano, atatokea mmoja aliyefunga bao 1 msimu mzima kabla ya kuhama na 4 baada yake, na huyo peke yake ataharibu hesabu yote.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Klabu hununua mtu akiwa kwenye moto. Msimu wake bora ndio uliomuuza, na hata angebaki pale pale msimu uliofuata ungeshuka. Ukitumia kasi yake ghafi, mshuko huo utausukumia ligi mpya, na kizidisho kitatoka kidogo kuliko ukweli. Ndiyo maana kasi ya zamani ivutwe kwanza kuelekea wastani kwa fomula ile ya juu.

Sasa tumalizie mfano wetu. Tukichukulia hao watatu walitoka kwetu kwenda Ubelgiji, na kasi zao za zamani zilikuwa zimeshavutwa hivyo, 0.47 mara 0.69 ni 0.32. Kwa mechi 30 ni karibu mabao 10, na mwenzake wa Ubelgiji ni karibu 9. Tofauti ya bao moja haitoshi kusema nani bora. Hapo fungua video.

Olunga alifunga karibu sawa daraja la pili na la kwanza Japani. Basi ligi hizo ziko sawa?

Hapana, na kisa chake kinaonyesha kwa nini mtu mmoja hatoshi. Mwaka 2019 Michael Olunga alifunga mabao 27 kwa mechi 30 za J2 akiwa na Kashiwa Reysol. Timu ikapanda, na 2020 akafunga 28 kwa mechi 32 za J1, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Tukihesabu kwa mechi, ni 0.90 kisha 0.88. Kizidisho kingekuwa 0.97.

Lakini katika mabao yale 27, manane aliyafunga siku moja, mechi ya mwisho ya msimu, Kashiwa walipoichapa Kyoto Sanga 13-1. Iondoe mechi hiyo: yanabaki 19 kwa mechi 29, sawa na 0.66, na kizidisho kinaruka hadi 1.34, kana kwamba J1 ni rahisi kuliko J2. Jioni moja imehamisha jibu lote.

Hata hivyo, kisa hiki kina faida moja kubwa: alibaki klabu ile ile. Wachezaji wa timu zilizopanda daraja ni dhahabu kwenye hesabu hizi. Kusanya 40 au 50 wa namna yake.

Samatta alikuwa moto Genk, England akafunga bao moja tu la ligi. Ni ugumu wa ligi?

Ni sehemu tu. Msimu wa 2018/19 Mbwana Samatta alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa. Januari 2020 akaenda Aston Villa, timu iliyomaliza ya 17 na kufunga mabao 41 tu kwa mechi 38. Alibadilisha ligi na timu kwa mpigo, kutoka timu inayoshambulia hadi timu inayopigania kutoshuka.

Kuvitenganisha, tazama alipiga asilimia ngapi ya mashuti ya timu akiwa uwanjani. Sehemu yake ikibaki ile ile huku mashuti ya timu nzima yakiwa machache, aliyepungua si yeye.

Na ukumbuke uchache wa mechi: alicheza 14 za ligi, si zote kamili. Mshambuliaji wa kiwango cha 0.30 akipata mechi kamili 10 anatarajiwa kufunga 3, lakini mara 1 kati ya 5 atapata moja au asipate kabisa, kwa bahati tu.

Naweza kutumia kizidisho hicho kwa mabeki?

Usitumie. Kila takwimu ina kizidisho chake, na kwa beki kuna jambo linalotangulia: timu isiyo na mpira hupokonya zaidi. Beki anayepokonya mpira mara 3.0 kwa dakika 90 kwenye timu inayomiliki mpira asilimia 60 hukabiliana na wapinzani wenye asilimia 40. Zidisha kwa 50/40, unapata 3.75. Mwenye 4.0 kwenye timu ya asilimia 40 anazidishwa kwa 50/60 na kubaki 3.33. Mpangilio umegeuka kabla hata hujagusa ligi.

Na kama hakuna aliyehama moja kwa moja kati ya ligi hizo mbili?

Pitia ligi ya katikati. Samatta mwenyewe alitoka Simba akapitia TP Mazembe ndipo akafika Genk. Kama Tanzania kwenda Kongo ni 0.8 na Kongo kwenda Ubelgiji ni 0.7, zidisha: 0.56. Ila makosa nayo huzidishana. Kila kimoja kikiweza kukosea kwa 0.1, jibu lako liko popote kati ya 0.42 na 0.72, kwa hiyo liandike hivyo, kama masafa.