Machi ikifika, uliza mkutano umefungwa kwenye saa ya nani

Mdogo wangu unayeanza kazi na timu ya ng'ambo ukiwa Kampala, hili lilinigharimu mkutano mzima mwaka wangu wa kwanza. Kila Jumanne tulikutana saa kumi na mbili jioni, nami nikaweka kengele kwenye simu. Jumanne moja ya Machi nilifungua kompyuta kwa wakati wangu uleule, nikawakuta wenzangu wanaagana.

Uganda haisogezi saa. Tuko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, kwa kuwa hapa ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kati ya tarehe hizo mbili ndimo watu hupotezana.

Chukua mwaka 2026. Mkutano umeandaliwa New York, kila Jumanne saa nne asubuhi ya kwao. Tarehe 3 Machi, Kampala ni saa kumi na mbili jioni, Berlin saa kumi jioni. Tarehe 8 New York wanasogeza saa. Jumanne ya tarehe 10 kwao bado ni saa nne, lakini kwetu sasa ni saa kumi na moja, na Berlin saa tisa alasiri. Berlin watakaa hivyo Jumanne tatu. Wakisogeza saa zao tarehe 29, wanarudi saa kumi. Sisi haturudi. Tunabaki kwenye saa kumi na moja mpaka New York warudishe saa nyuma tarehe 1 Novemba. Berlin watakuwa wametangulia tarehe 25 Oktoba, kwa hiyo Jumanne ya tarehe 27 mkutano utawaangukia tena saa tisa, na hapa hutaona tofauti yoyote.

Kumbe kalenda haikukosea. Mkutano wa kila wiki huhifadhiwa pamoja na eneo la saa la aliyeuandaa, hivi:

```
DTSTART;TZID=America/New_York:20260303T100000
```

Saa ya eneo hilo haiguswi, wengine wote ndio wanaohama. Kengele yangu ya simu haikujua habari hizo. Tangu siku hiyo nafuata kalenda, na nikiandika saa kwa watu wa nje natumia 17:00, maana "saa kumi na moja" yetu wao huielewa vingine kabisa.

Ukialikwa, usingoje Machi. Fungua kalenda sasa hivi, nenda mpaka Jumanne ya kwanza baada ya Marekani kusogeza saa. Ukikuta 17:00, mkutano umefungwa New York. Ukikuta bado 18:00, huenda umefungwa `Africa/Kampala`, na mwenzako wa New York ataingia saa tano asubuhi badala ya saa nne. Mwandikie mapema, huenda saa hiyo ana kikao kingine.