Kadi ya Idi si hati ya madai

"Wakuu, nasambaza unga na mafuta kwa maduka na mabekari hapa Lindi. Nataka kuwapa wateja kadi za Idi. Ukubwa gani unafaa, nichape ngapi, niandike nini? Chini nafikiria niweke ofa na kuwakumbusha wenye madeni."

Mkuu, futa huo mstari wa madeni sasa hivi, na ofa iufuate. Mimi niliweka vyote viwili Idi ya Aprili 2024, na hadi leo nalipia.

Nauza unga wa ngano kwa jumla, Mtwara mjini. Kijana wa steshenari alinijaza upepo: "Bosi, kadi bila ofa ni karatasi tu." Yeye si analipwa kwa kila kadi, ana hasara gani! Tukapanga juu Idi Mubarak na mwezi mwandamo, katikati "chukua mifuko 20 upate punguzo", chini kwa wino mwekundu "tunakukumbusha kulipa salio lako". Kadi 60, maneno yale yale kwa wote. Nikajiona msomi.

Kuna mzee wa Mikindani mwenye bekari, hajawahi kulala na shilingi yangu. Kadi ilimkuta siku ya Idi, baraza limejaa wageni, mjukuu akaisoma kwa sauti hadi wino mwekundu. Akanipigia. Hakufoka, bora angefoka. "Mwanangu, nadaiwa nini?" Nikajitetea kwamba ni maandishi ya wote. Akasema, "Basi mimi hukunisalimu."

Alikuwa akichukua mifuko 40 kwa mwezi. Mwezi uliofuata hakuchukua hata mmoja. Na wadaiwa wenyewe? Hakuna aliyelipa kwa sababu ya kadi, ila wawili walizima simu.

Kwa hiyo kadi isitaje bidhaa, bei wala deni. Deni mpigie mhusika peke yake, sikukuu ikishapita. Bei mpya peleka siku nyingine, kwa karatasi nyingine. Jina la duka lako chini linatosha, wanakujua.

Idi ya 2025 niliandika hivi:

"Assalaam alaykum Mzee ______. Idi Mubarak kwako, kwa familia na wote mnaofanya nao kazi. Hatujasahau Mei mwaka jana, barabara ilipokatika Somanga, unga ukachelewa na mkatuvumilia. Asanteni sana. Mungu atufikishe Idi nyingine."

Majina nilijaza kwa kalamu, moja moja. Aliyeanza kununua baada ya Mei nilimwondolea habari ya Somanga, maana shukrani ya uongo inanuka. Tarehe usichape, mwezi una mambo yake. Wateja wa Masasi wanaosali kanisani niliwawekea zao za Krismasi.

Ya mzee niliipeleka mwenyewe. Aliisoma, akaiweka mfukoni, akaniuliza hali ya watoto. Wiki iliyofuata alimtuma kijana achukue mifuko 5. Ya ile 40 sijathubutu kumuuliza.