Kiuno upande mmoja baada ya kujifungua, kumbe kanga nilikuwa naifunga juu

Mtoto ana wiki 7 ndo maumivu yakaanza, upande wa kulia tu, pale kwenye kishimo juu ya kalio. Kukaa poa, kutembea taratibu poa, ila nikijigeuza kitandani au nikisimama mguu mmoja nivae chupi, weee, kama nimechomwa msumari. Kupanda boda ndo usiseme, na hapa Ngamiani bila boda unaenda wapi.

Mama akasema ni baridi, akanikanda maji moto akanifunga kanga tumboni mpaka kupumua tabu. Shoga yangu naye akanambia nyoosha mgongo, basi kila asubuhi nainama kugusa vidole, na kila jioni hali mbaya zaidi.

Nikaenda kwa fizio. Akanilaza chali, akasema nyoosha goti, inua mguu kama sentimita 20. Wa kushoto ukapanda, wa kulia mzito kama gunia la mkaa. Akanibana nyonga pande zote mbili kwa mikono yake, akasema inua tena, ukapanda mwepesi! Akanieleza kwamba kiungo cha sakroiliaki, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga, kinashikwa na kano, sasa mimba inazilegeza na misuli ya tumbo nayo imetanuka, kwa hiyo hakuna wa kukibana vizuri. Na mimi mtoto namweka nyonga ya kulia kutwa nzima. Kujinyoosha kule ndo nilikuwa navuta kitu kilichokwisha legea.

Kanga hakunikataza, aliishusha tu. Chini ya tumbo kabisa, juu kidogo ya ile mifupa inayochomoza ubavuni mwa mapaja, ibane nyonga lakini mguu usife ganzi. Naifunga nikiwa na kazi, kulala naitoa.

Zoezi lenyewe halina mbwembwe. Unalala chali magoti umekunja, mto katikati ya magoti, unatoa pumzi huku unavuta chini ya kitovu ndani na kukaza kama unazuia mkojo, halafu unabana mto sekunde 5, mara 10. Ukiona tumbo linatuna juu ujue umezuia pumzi, anza upya. Baada ya wiki 2 nikaongeza kuinua makalio, miguu yote miwili chini. Kesho yake ukiamka na maumivu zaidi, punguza. (Mi nilizaa kawaida, aliyepasuliwa aulize kwanza.)

Usiku nageuka magoti yakiwa pamoja, chupi navaa nimekaa. Ila ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, mguu ukaishiwa nguvu, au homa, hapo siyo mazoezi tena, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya 6 ya mazoezi nikageuka usiku bila kushtuka, mguu wa kulia unapanda kama mwenzie. Mtoto sasa nambadilisha pande, japo nikiwa jikoni najikuta nishamrudisha kulia.