Swali moja la gari kuchemsha, na namna ya kulitungia majibu

Mwalimu mpya wa ufundi magari akiambiwa atunge maswali ya nadharia, mara nyingi huanza na hili: "Taja sababu tano za injini kuchemsha." Ni rahisi kulitunga na rahisi kulisahihisha, ila halipimi utambuzi wa hitilafu. Aliyekariri kwamba rejeta huziba, mkanda hulegea, thamostati hukwama, feni hufa na maji hupungua anaondoka na alama zote tano. Mteja akimletea gari, hajui ashike wapi kwanza.

Gereji yoyote ya Tanga, fundi anayejua kazi yake huanza kwa kuuliza: linachemsha wakati gani? Jibu la mteja ndilo linalopunguza orodha ile. Basi swali zuri la utambuzi humpa mwanafunzi majibu ya mteja, halafu humwachia yeye kazi ya kuchuja. Tuchukue mfano huu:

"Teksi ya petroli yenye feni moja ya umeme inasubiri abiria stendi ya Kange, injini ikiwa inaunguruma. Baada ya dakika kumi mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu. Dereva akiondoka kuelekea Muheza kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mshale unarudi katikati. Maji ya rejeta hayapungui. (a) Taja sehemu unayoishuku zaidi. Alama 1. (b) Toa sababu mbili kutoka kwenye maelezo haya. Alama 2. (c) Eleza kwa mpangilio hatua tano za kuikagua. Alama 5. (d) Dereva anataka thamostati itolewe kabisa. Eleza madhara mawili. Alama 2."

Kila neno pale lina kazi. "Feni ya umeme" inaondoa feni inayozungushwa na mkanda, ambayo ukaguzi wake ni mwingine. "Feni moja" imewekwa kwa makusudi: yapo magari yenye feni mbili, moja ya rejeta na nyingine ya eisii, na mwanafunzi akisema "washa eisii uone kama feni inazunguka", jibu lake litakuwa sahihi kwa gari moja na la kupotosha kwa jingine. "Maji hayapungui" inaondoa hosi inayovuja. Ukisahau taarifa moja ya namna hii, utajikuta na majibu mawili yote ya kweli na alama moja ya kugawa.

Jibu la (a) ni mfumo wa feni ya rejeta. Andika hivyo, usiandike "mota ya feni", kwa sababu maelezo hayatoshi kuitofautisha mota na fyuzi, rilei au swichi yake.

Jibu la (b): joto hupanda gari likiwa limesimama, wakati ambapo hewa hupita kwenye rejeta kwa nguvu ya feni tu, na joto hushuka likiwa kwenye mwendo, maana yake upepo wa safari unatosha, hivyo maji yanazunguka na rejeta inapitisha. Mkubalie pia atakayesema kwamba thamostati inafunguka, kwani isingefunguka mwendo usingesaidia kitu.

Kwenye (c) ndipo majibu ya walimu wapya huwa mafupi mno au marefu kama kitabu. Lenga sentensi moja kwa alama moja. Kwanza, kuzima injini na kutofungua kifuniko cha rejeta likiwa la moto. Hatua hii ipewe alama yake, isichukuliwe kama nyongeza. Pili, kukagua fyuzi na rilei ya feni. Tatu, kupeleka umeme wa volti 12 wa betri moja kwa moja kwenye mota. Isipozunguka, mota imekufa. Nne, mota ikiwa nzima, kupima swichi ya joto. Tano, kufuatilia nyaya na mahali waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi. Hatua hii ya tano watu wa bara huipuuza, lakini kwetu hewa ya chumvi hula viunganishi mpaka vikawa na unga wa kijani, na umeme haupiti ingawa kila kifaa ni kizima.

Hatua ya nne inahitaji uangalifu kwenye mwongozo wa kusahihisha. Katika Toyota nyingi za zamani, swichi ya joto hupitisha umeme ikiwa baridi na hukata ikipata moto, hivyo ukichomoa plagi yake huku funguo ikiwa imewashwa, feni inaanza kuzunguka. Kwenye magari mengine ni kinyume: swichi hupitisha ikipata moto, na fundi huunganisha ncha mbili za plagi ili feni izunguke. Mwanafunzi aliyejifunzia Toyota ataandika "chomoa", mwenzake ataandika "unganisha". Ama taja aina ya swichi kwenye swali, ama uwape wote wawili alama mradi waseme ni aina gani.

Sehemu ya (d) tumeiweka kwa sababu kutoa thamostati ni tabia ya kawaida kwenye joto la pwani. Madhara yanayokubalika: injini huchelewa kufikia joto lake la kazi, hivyo hula mafuta zaidi na kulika haraka, na kwenye injini ambazo thamostati pia huziba njia ya mkato, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, kwa hiyo gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo. Hilo la pili ndilo linalomtofautisha anayeelewa mzunguko wa maji.

Ukishapata swali kama hili, huna haja ya kuhangaika kutafuta jipya. Badili taarifa moja tu. Sema gari hilohilo limetulia Kange hata likisubiri nusu saa, lakini linachemsha likipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Sasa feni imeondoka kwenye orodha. Injini inabeba mzigo mkubwa na kutoa joto jingi, na anayeshindwa ni mpitishaji wa maji: rejeta iliyoziba kwa ndani, au pampu ya maji iliyolika. Maji ya visima vya karibu na bahari yakimiminwa kwenye rejeta kwa muda mrefu huacha kutu na magamba ndani ya mirija, na unaweza kuligusa rejeta lililopoa kidogo ukakuta baadhi ya sehemu ni baridi kuliko nyingine.

Lakini angalia mtego. Mji wa Lushoto uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kisichoshika presha kitamfanya dereva achemshe kule hata rejeta ikiwa safi. Kwa hiyo ongeza kwenye swali: "Kifuniko kimepimwa na kinashika presha yake." Usipoongeza, kifuniko ni jibu sahihi na huna haki ya kulikata.

Badiliko la tatu: hosi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, na mapovu yanatoka kwenye chupa ya akiba. Hapo ni gasketi ya silinda hedi, gesi ya mwako inaingia kwenye maji.

Na wakati wa kusahihisha (c), mwanafunzi akiandika "badilisha feni" bila kipimo chochote, asipate alama ya hatua hiyo, hata kama feni ndiyo mbovu. Swali limeomba ukaguzi. Akipanga hatua zote tano lakini akaanza na nyaya kabla ya fyuzi, mpunguzie alama moja tu ya mpangilio, na uandike hivyo kwenye mwongozo mapema ili wasahihishaji wawili wasimpe mtu mmoja alama tofauti.