Konekshen ya shilingi 6,000

*Mimi ni fundi wa sola hapa Kondele, Kisumu. Nina leseni ya EPRA, daraja la T2, na miaka mitatu kazini, lakini kazi karibu zote napewa na fundi mkubwa. Kuna jamaa anauza nafasi katika kundi la WhatsApp lenye wakandarasi na watu wa mashirika, shilingi 6,000. LinkedIn nina watu 1,200 na sijapata simu hata moja. Nilipe?*

Usilipe, ndugu. Ukiingia humo utakuta mafundi wenzako waliolipa kama wewe, kila mmoja akibandika picha ya paneli na namba ya simu. Mkandarasi mwenye kazi mkononi haokoti fundi hapo. Anampigia mtu anayemwamini na kuuliza, "Unamjua nani wa sola asiyeniletea aibu?" Unachotafuta ni kuwa jibu la swali hilo, na hao 1,200 hawawezi kukujibia kwa sababu hawajaona kazi yako.

Anza na kazi ulizopata mwenyewe, hata zikiwa tano. Wateja wa fundi mkubwa waache. Ukiwapigia kwa siri atajua, na yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye mkandarasi atamuuliza habari zako. Mwombe waziwazi akupe zile kazi ndogo anazozikataa, na akubali kuulizwa juu yako.

Tuseme ulimfungia mwalimu wa Ahero paneli mbili za wati 150 na betri ya asidi ya volti 12. Siku ya kukabidhi, mwachie karatasi moja: wati za paneli, ukubwa wa betri, tarehe, vifaa anavyoweza kuwasha na kwa saa ngapi. Kisha bandika kando ya kidhibiti chaji kibandiko chenye jina lako, namba ya leseni na simu. Watu hudharau kibandiko, ilhali jirani anayeuliza "nani alikufungia?" husoma hapo, mwalimu akiwa amepoteza namba yako zamani.

Baada ya siku 30 rudi bila kuitwa, asubuhi kabla ya jua kupanda na kabla vifaa havijawashwa. Pima betri. Ikiwa imepumzika na inasoma karibu volti 12.1, imebaki kama nusu, na ikizoea kushuka chini ya hapo haitadumu. Pengine mwembe unatia kivuli paneli moja, au nyumba imeongezwa televisheni. Mweleze, rekebisha, andika kwenye ile karatasi. Hapo ndipo unapoomba, na uombe kitu kimoja: "Mwalimu, ni nani unayemjua anayejenga au anayesumbuliwa na sola yake? Naomba umwambie nitampigia." Ukisema tu "nikumbuke kukiwa na kazi" atakubali kwa adabu na kusahau.

Hata hivyo mwalimu hatanunua sola tena karibuni. Kwa hiyo jina lako lifike kwa watu wanaokutana na wanunuzi kila siku: muuzaji wa duka la vifaa vya sola, fundi wa paa, foremani wa mjengo, afisa mikopo wa Sacco. Wanne au watano wanatosha. Wapitie kila baada ya miezi miwili au mitatu ukiwa na la maana, kama taarifa kwamba mteja aliyekutumia ameridhika, au kwamba aina fulani ya kidhibiti inarudishwa sana. Muuzaji anayekutumia mteja ameweka jina lake rehani. Ukichelewa siku mbili bila kumwambia, lawama inamfikia yeye, na hatakutuma tena wala hatakueleza kwa nini. Kamisheni ya siri nayo huharibu: mteja akigundua bei ilipandishwa, mmeanguka wote wawili.

Na kazi ikizidi T2, mfano mfumo unaoungana na umeme wa gridi, mpelekee mwenye T3 na umwombe uwe msaidizi wake. Mafundi wengi huogopa kupoteza mteja. Lakini huyo wa T3 hukataa kazi ndogo kila wiki, na sasa ana mtu wa kumpa.

Hawa mabroka wa konekshen hawako kwenye sola pekee. Wahasibu wa Nakuru wanauziwa "orodha ya mameneja", vijana wa Kakamega wanatozwa "ada ya kuingizwa kwenye tenda". Zabuni za serikali hutangazwa bure kwenye tenders.go.ke, na usajili wa AGPO, mpango wa kuwatengea zabuni vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hauna ada. Anayedai anajuana na ofisa fulani, mwambie ampigie simu huyo ofisa mbele yako, bila malipo, aseme kazi yenyewe ni ipi. Utamsikia akianza kueleza kwamba ofisa yuko mkutanoni.