Saa ya kurudi nyuma ipangwe kabla ya kuhama

"SACCOS yetu hapa Dodoma inahamia mfumo mpya wa kompyuta wikiendi. Tutajuaje kama tuendelee au turudi kwenye ule wa zamani?"

Ndugu, saa ya kuamua ihesabiwe kurudi nyuma kuanzia Jumatatu saa 2 asubuhi, wanachama wanapofika dirishani. Fanyeni kwanza zoezi kamili kwa nakala ya data yote, si kipande chake, na mpime pia muda wa kuurejesha mfumo wa zamani, hatua ambayo wengi huiruka. Tuseme kurejesha kulichukua saa 5 na kuhakiki saa 2. Mkiongeza saa 3 za tahadhari, mwisho wa kuamua ni Jumapili saa 4 usiku.

Vigezo viandikwe na kusainiwa mapema: idadi ya akaunti ilingane, na jumla ya akiba na ya mikopo zilingane hadi shilingi, kila moja peke yake na kwa kila tawi, kwa sababu makosa mawili yanayopingana hufichana ndani ya jumla kuu. Kisha keshia afungue akaunti chache ngumu, kama mkopo uliocheleweshwa marejesho. Saa ya kuamua ikifika na tofauti bado haina maelezo, rudini.

Miamala ya simu isimamishwe tangu Ijumaa jioni, kwani muamala ukishapokelewa na mfumo mpya, kurudi kwenye nakala ya Ijumaa kutaupoteza.